Matundu Manne Juu ya Jicho

Baba Pacha alikuwa na jicho moja tu la kufanyia kazi. La kushoto liliharibika tangu utotoni alipougua surua, na siku zote liliona mwanga na kivuli, basi. La kulia ndilo lililofuata mstari wa penseli kwenye mbao, likalisha nyumba nzima. Na hata hilo bila miwani halikusoma rula. Sasa mtu wa namna hiyo ungetarajia alitunze jicho lake kama yai, sivyo? Thubutu. Mwenye jicho hakuwa na habari. Aliyekosa raha ni mkewe.

Mama Pacha ndiye aliyeshika stoo ya karakana yao. Upande mmoja mumewe alitengeneza milango na vitanda, upande wa pili jirani yao, fundi wa mageti waliyemwita Cheche, alikata vyuma. Kila mara mke alipomsogelea mumewe na miwani ya kinga, jibu lilikuwa lilelile.

"Mama Pacha, si nimevaa miwani? Unataka nivae mingapi?"

Alijibu hivyo kwa miaka, mpaka siku alipoazima grenda ya Cheche apunguze bawaba moja tu, kazi ya dakika mbili. Kipande cha chuma kiliruka kikagonga kioo cha miwani yake, kikapasuka. Kingine kilipita pembeni, pale ambapo miwani ya macho haina ukuta wowote, kikamchoma kwenye mfupa wa jicho. Upana wa kidole kimoja zaidi na ingekuwa habari nyingine. Cheche alikichomoa kwa kibanio.

Kesho yake mke akaenda dukani, akamhoji muuzaji mpaka yule bwana akaomba maji ya kunywa. Alirudi na vifaa vya aina tatu, akapiga misumari mitatu ukutani, kila mmoja na rangi yake. Kisha akamsimamisha mumewe mbele yake.

"Wa bluu ni wa grenda. Kioo cha plastiki ngumu, kimepimwa kwa vitu vinavyoruka, na juu yake unavaa ngao hii ya uso. Ngao peke yake haitoshi, vipande huingilia chini. Wa kijani ni wa mbao. Inabana uso pande zote, vumbi lisiingie, lakini ina matundu ya hewa isipate ukungu."

"Na mwekundu?"

"Wa dawa. Hii haina matundu wazi hata moja. Hewa inapita kwenye vizibo vyenye kona, tone haliwezi kukata kona. Zote nimechagua pana, zinakaa juu ya miwani yako ya macho. Kwa hiyo leo huna kisingizio."

Baba Pacha alikubali, shingo upande lakini alikubali. Na akishakubali jambo, ndiyo hivyo tena, hulishika. Tangu siku ile hakugusa mashine kabla ya kupita kwenye misumari. Mama Pacha akaanza kulala usingizi wa kweli, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipoharibu.

Ilikuwa wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia. Mama Pacha alikuwa akipiga msasa mlango, na miwani ya kijani Cheche alikuwa ameondoka nayo. Akachukua ya msumari mwekundu. Joto, jasho, baada ya dakika tano kioo kikajaa ukungu, haoni mlango wala mkono. Akafuta, ukarudi. Akafuta tena, ukarudi tena. Akachoka. Alishika msumari kwa koleo, akauchoma motoni, akatoboa matundu manne kwenye ukingo wa juu wa fremu. Msumari ukateleza, kichwa chake cha moto kikamwachia alama ya duara kwenye kidole gumba. Ukungu ukaisha, mlango ukang'aa.

Mumewe alipouliza kidole kimefanya nini, alisema sufuria. Kwa nini alidanganya? Aibu tu. Mwalimu wa misumari mitatu amekwenda kutoboa ya dawa. Jumamosi akanunua nyingine mpya kimyakimya, akaitundika. Ile yenye matundu akaitia kwenye droo ya stoo, maana kutupa kitu kizima kulimuuma. Itafaa kwa vumbi, alijiambia. Hakuiandika chochote.

Sasa siku yenyewe. Baba Pacha aliondoka asubuhi kwenda kupuliza dawa ya mchwa kwenye paa la nyumba iliyokuwa ikijengwa mtaa wa nne kutoka pale. Alibeba bomba la mgongoni, glavu, barakoa, chupa ya dawa. Mama Pacha alikuwa nje na wateja, alimpungia mkono tu. Aliporudi ndani akatupa jicho ukutani kwa mazoea. Miwani ya msumari mwekundu ilikuwa palepale, na karatasi ya dukani bado imeshika kioo.

Kwanza alikasirika. Kumbe huyu mtu amerudia ukaidi wake. Kisha akafungua droo.

Droo ilikuwa tupu. Akamwona mumewe kama vile yuko mbele yake: jana jioni akijaribu hii, akijaribu ile, akivaa juu ya miwani ya macho, akigundua kwamba ya kwenye droo haina ukungu kabisa na mkanda wake umeshalainika. Bila shaka alifurahi. Jicho lile halikuona vitundu vidogo vya ukingo wa juu, na hakuwa na sababu ya kuvitafuta. Aliiamini kwa sababu mkewe alimfundisha kuiamini. Na anapuliza juu, kwenye mapaa, uso ameuelekeza angani.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Mtu mwenye glavu na bomba mgongoni atapokeaje?

"Cheche, nipeleke," alisema. "Pikipiki. Sasa hivi."

Cheche akaweka grenda chini. Pikipiki ilishawaka Mama Pacha alipokumbuka jambo, akashuka.

"Unakwenda wapi tena?"

"Maji."

Dumu la lita ishirini chini ya bomba la uani lilikuwa nusu. Akafungulia. Yakatoka membamba kama uzi, na yeye amesimama pale anayaangalia, roho inamwambia kimbia, akili inamwambia nyumba inayojengwa huenda haina maji. Dakika tatu. Hajawahi kuchukia bomba kama alivyolichukia siku ile. Dumu lilipojaa akalipakata mapajani, miwani mpya shingoni, wakaondoka.

Njiani alimwomba Mungu vitu vingi bila mpangilio. Amkute bado anachanganya dawa. Amkute amepumzika. Amkute anamtania mwenye nyumba, amtukane yeye mkewe kwa kumpotezea muda. Kila kona alisikiliza kama atasikia bomba likipuliza.

Bomba halikusikika. Baba Pacha alikuwa amekaa chini ya ngazi, miwani zote mbili zimetupwa mchangani, jicho la kulia amelifumba kwa nguvu na mkono unakaribia kulisugua. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa kike, alikuwa akikwangua tangi la ujenzi kwa kopo. Tangi lilikuwa kavu.

"Usisugue," Mama Pacha alisema. "Nimefika. Nina maji. Laza kichwa upande wa kulia."

"Imeingia, Mama Pacha. Sijui imepita wapi. Inachoma."

"Najua. Vua glavu. Fumbua."

"Siwezi."

"Basi nafumbua mimi."

Alimfungua kope kwa vidole viwili, akamwagia taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, ili dawa isikimbilie jicho la pili. Cheche alishika dumu, mwalimu alishika saa. Dakika tano Baba Pacha alitaka kuinuka, akasema yatosha, imepungua. Mke alimkandamiza bega. Dakika kumi nguo zote zililoa. Dakika kumi na tano dumu lilianza kuwa jepesi, na mwalimu akakimbilia kwa jirani akarudi na ndoo. Walifika ishirini. Muda wote huo maneno yalikuwa yamemkaa Mama Pacha kooni: nilitoboa mimi. Akamwaga maji, hakuyasema.

Zahanati walikwenda na chupa ya dawa mkononi, daktari asome mwenyewe ni sumu gani. Alisoma, akaosha tena, akatia tone la rangi na kumulika kwa taa ya bluu.

"Utando wa juu wa jicho umechubuka," alisema hatimaye. "Kina chake nitakijua kesho, uvimbe ukishuka. Nani aliyemwosha?"

"Mimi."

"Angengoja kufikishwa hapa, nisingekuwa na cha kukwambia."

Usiku ule hakuna haja ya kuusimulia. Baba Pacha alikaa nyumbani, jicho zima limevimba, limefumba, jicho bovu linamwonesha taa na vivuli vya watu. Mkewe alimshika mkono mpaka mlangoni, mpaka kwenye kiti, akamwekea kijiko kiganjani. Mtu aliyekuwa akipima nyuzi za mbao kwa kuangalia tu, sasa anapapasa meza kutafuta kikombe. Kitu kimoja tu aliomba.

"Ile miwani ya kazi iko wapi?"

Alimpa. Angefanyaje? Aliigeuza mikononi, vidole vya seremala vikapita kwenye kioo, kwenye mpira, kwenye ukingo wa juu. Hapo vikasimama. Vikapita tena polepole, tundu moja, la pili, la tatu, la nne. Baba Pacha aliiweka mezani, akaomba maji ya kunywa.

Asubuhi daktari alimkalisha mbele ya ubao wa herufi, akalisafisha jicho, akamwambia afumbue bila haraka. Mama Pacha alisimama kando ya ubao, mikono ameikunja kifuani.

Jicho lilifumbuka, jekundu, likitoa machozi. Baba Pacha alivaa miwani yake ya macho. Hakuutazama ubao. Alimtazama mkewe, akateremsha macho mpaka kwenye mikono yake, akakaza, kama anavyokaza akitafuta ufa kwenye mbao.

"Unaona nini, mzee?" daktari aliuliza.

"Naona kidole gumba," alisema Baba Pacha. "Kina kovu dogo, la duara, kama kichwa cha msumari."

Akamnyooshea mkewe mkono.

"Mama Pacha, hakuna sufuria inayounguza hivyo."