Ile ya Bluu

Wakili hakuwa na macho tangu utotoni, lakini ofisini kwake hakuna aliyethubutu kumhurumia. Kompyuta yake ilimsomea kila kitu kwa sauti ya kiume, kavu, isiyojua kucheka wala kulia, na yeye aliiita Shemeji. "Shemeji leo kaamka vibaya," angesema mashine ikigoma, kisha angeipiga kofi dogo ubavuni.

Kitu kimoja tu kilimshinda Shemeji: picha. Ukimletea hati ya maandishi anaisoma mpaka nukta, ukimletea picha ya hati anabaki bubu. Zipo programu za kuchomoa maneno kwenye picha, na karani wa ofisi alizijaribu zote, lakini hazikujua mstari uliokata neno ni nini. Lililofutwa na lililoongezwa ziliyaunganisha pamoja, likatoka neno la ajabu lisilosemwa na mtu yeyote duniani. Basi karani aliandika mwenyewe, kwa mkono na kwa jicho. Kwa kuwa rangi na mistari havisikiki, walikubaliana zamani namna ya kuandika: KIMEFUTWA, kisha maneno, kisha MWISHO. KIMEONGEZWA, kisha maneno, kisha MWISHO. Na jina la aliyebadilisha. Na kanuni moja ya Wakili mwenyewe: hata kama imebadilishwa herufi moja, andika neno zima, la zamani na jipya, kwa sababu sikio halishiki vipande.

Asubuhi hiyo picha iliyokuwa mbele ya karani ilitoka kwa mdogo wake wa tumbo moja, muuguzi, ambaye nyumbani wote humwita Kitinda. Mama mmoja mzazi alikuwa amefia mikononi mwake, akatoka damu mpaka akaisha, akaacha kichanga. Jumatatu Kitinda angesimama mbele ya baraza la wauguzi. Akishindwa, leseni inakwenda, na nyuma ya leseni wanasubiri polisi. Karani ndiye aliyempigia Wakili magoti aichukue kesi ya mdogo wake, na Wakili hakuuliza hata malipo.

Hospitali ilikataa kutoa maelezo aliyoyaandika Kitinda kuhusu kifo hicho, kama yalivyo kwenye kompyuta ya wodi. Kitinda akajiiba, akayafungua, akapiga picha ya skrini. Na kweli, picha ilikuwa na mali. Muuguzi mkuu alikuwa ameyapitia maelezo kwa rangi nyekundu, na pembeni jina lake limekaa wazi, halina hata aibu. Karani aliandika huku roho inamchemka:

Usiku ule nilikuwa KIMEFUTWA, na muuguzi mkuu: peke yangu katika wodi mbili MWISHO KIMEONGEZWA, na muuguzi mkuu: zamu kama kawaida MWISHO.

Watu hawa hawana haya, alijisemea. Kisha akashuka mstari wa pili, na hapo rangi ilikuwa ya bluu.

Picha ilikuwa na ukungu kidogo. Alilikuza neno mpaka likajaa kioo. "SikuNilimpigia daktari simu damu ilipoanza." Mstari wa katikati, wa kufuta, uliikata "Siku". Mstari wa chini, wa kuongeza, ulikaa chini ya "Nili". Aliangalia tena, kwa sababu alitaka iwe kinyume. Haikuwa kinyume. Neno la kwanza kuandikwa lilikuwa Sikumpigia, na mtu alikuwa amerudi baadaye akaligeuza. Pembeni, kwa bluu ileile, lilikaa jina la Kitinda.

Alitoka hadi kwenye korido akampigia. Kitinda hakubisha. Alisema aliandika maelezo alfajiri akiwa hajielewi, akarudi kuyarekebisha mchana, naye hakujua kwamba muuguzi mkuu alikuwa amewasha kile kitu kinachoweka alama kila unapogusa, wala hakuiona bluu alipopiga picha kwa haraka.

"Ile ya bluu iache, dada," alisema. "Andika nyekundu tu. Wakili haoni. Utakachoandika wewe ndicho atakachosikia."

Karani alirudi kitini. Huyu ni mtoto aliyembeba mgongoni mama akiwa sokoni. Kumwacha Wakili na uongo mtupu hakuweza. Kumtosa mdogo wake pia hakuweza. Akafanya jambo ambalo watu waoga hulifanya wakaliita uaminifu: akaandika hasa kilichoonekana, herufi kwa herufi, wala hakuweka jina.

KIMEFUTWA: Siku MWISHO KIMEONGEZWA: Nili MWISHO mpigia daktari simu damu ilipoanza.

Hakuna aliyeweza kusema amedanganya. Akatuma.

Kitinda alifika saa ya miadi, macho yamemvimba, akaketi pembeni ya dada yake bila kumtazama. Wakili akamwachia Shemeji asome. Kwenye nyekundu aligonga meza, akasema hapo wamejifunga wenyewe. Mashine ikaendelea. "Kimefutwa. Siku. Mwisho. Kimeongezwa. Nili. Mwisho. Mpigia daktari simu damu ilipoanza."

Wakili aliinamisha kichwa. "Siku gani hiyo waliyoifuta? Hapo palikuwa na tarehe?"

Karani alielewa mara moja zawadi aliyopewa. Siku, kama Jumatatu, kama Ijumaa. Angeitikia tu, "Ndiyo, palikuwa na tarehe," na Wakili angepita, maana hajawahi kumshuku hata kwa nukta. Aliuhisi mguu wa Kitinda ukiugusa wake chini ya meza.

"Na hiyo 'Nili' mbona imekatika?" Wakili aliuliza, kwa upole. "Si kawaida yako, mama. Wewe huandika neno zima."

Hilo ndilo lililomvunja. Angekuwa mkali, labda angeweza.

"Nimekosea, Wakili," alisema. "Naomba niandike upya."

Kitinda alimshika mkono. Karani aliutoa mkono wa mdogo wake taratibu, akavuta kibodi, akaandika huku machozi yanamdondoka, kisha akabonyeza mwenyewe. Shemeji akasoma kwa sauti yake ileile, kama anasoma bei ya mafuta ya taa.

"Kimefutwa, na mwenye maelezo. Sikumpigia. Mwisho. Kimeongezwa, na mwenye maelezo. Nilimpigia. Mwisho. Daktari simu damu ilipoanza."

Wakili akasema faili wanalo hospitali, na kama wao watatu wangeingia Jumatatu na nyekundu hiyo peke yake, upande wa pili ungefungua bluu mbele ya watu wote. Hawezi kuishika nusu ya ukurasa. Ama wauchukue wote, na waseme aliachwa peke yake na wodi mbili, ama waache. Akamgeuzia Kitinda uso.

"Mwanangu, kwa nini hukumpigia?"

Kitinda alitazama sakafu. "Nilikuwa nimelala," alisema. "Nilitoka zamu nikaunganishiwa zamu. Nikakaa wodi ya pili, nikasema nipumzike kidogo tu. Yule mzazi aliniita. Wenzake wananiambia aliniita sana. Nilipofika alikuwa hana tena sauti ya kuita."

Wakili aliitafuta meza kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini kwamba hayo yaandikwe kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza. Karani aliweka vidole kwenye kibodi, vikagoma.

Kitinda alisimama, akajifunga mtandio. Mlangoni alisimama, akaongea bila kugeuka.

"Ukifika nyumbani, mwambie mama wewe mwenyewe. Mimi siwezi tena kumwambia mtu chochote."

Karani alimsikia akishuka ngazi mpaka chini. Wakili naye alimsikia, akangoja hatua ziishe. Kisha, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa inakuja na kazi ilikuwa kazi, alimwomba aanze na neno la kwanza, na karani akaandika: Nilikuwa nimelala.