Barua Isiyotaja Ugonjwa

Leopold, meneja wa kiwanda cha kukoboa kahawa pale Mbinga, alikuwa mtu mwema. Jamani, tusimsingizie! Kasoro yake ilikuwa moja tu: alitaka kujua. Tangu biashara ya kahawa iwe huria na kampuni binafsi zimiminike wilayani, yeye ndiye aliyejua nani kamuuzia nani, na nani kagombana na mkewe kwa sababu hiyo.

Juu ya umeneja alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaani, ile ya kusali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Alikuwa na daftari la maombi. Kila mgonjwa aliandikwa humo pamoja na ugonjwa wake, maana Leopold aliamini lazima umpate mtakatifu anayehusika: Blasio kwa koo, Apolonia kwa meno, Lusia kwa macho. Ukimwomba asiyehusika, alisema, mnapotezeana muda. Ndivyo Mama Luisa alivyoombewa minyoo mbele ya watu arobaini, kwa jina lake kamili. Hadi leo akinunua nyama sokoni, muuzaji humkumbusha aipike iive.

Sasa basi, daktari wa afya ya wafanyakazi alikuja kutoka Songea akawapima wote, kuanzia wabeba magunia hadi meneja mwenyewe. Wiki mbili baadaye bahasha zikafika kwa Kalista, muuguzi wa kiwanda, mama wa makamo asiyependa upuuzi. Kazi yake ilikuwa kusoma kila ripoti, kisha kumwandikia mkubwa wa mhusika barua fupi ya mambo ya kazi tu. Ripoti yenyewe ilibaki kabatini, na ufunguo ulibaki shingoni mwake pamoja na rozari.

Ripoti ya Izidori ilikuwa kurasa mbili. Izidori alikuwa kijana wa kubeba magunia, mwenye mabega kama mlango. Aliingia zahanati akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Mama, nakuomba. Tangazo langu la ndoa limesomwa kanisani Jumapili moja, bado mbili. Flavia anajua ninachoumwa, nilimwambia mwenyewe. Lakini baba yake, kule Maguu, akisikia naombewa ugonjwa huu kwa jina, mahari atairudisha kesho yake. Namjua yule mzee."

Naona na wewe msomaji umesogea karibu. Rudi ulipokuwa! Ugonjwa haukuhusu.

Kalista alimwonyesha barua kabla haijatoka. Ilisema Izidori anafaa kufanya kazi kwa masharti: asinyanyue zaidi ya kilo kumi, asifanye kazi ya kuinama kwa muda mrefu, apumzike dakika kumi kila baada ya saa mbili. Masharti ni ya wiki nane, kisha atapimwa tena. Basi.

Izidori aliisoma mara tatu. "Dawa hujaandika?"

"Dawa? Si ningekuwa nimetaja ugonjwa kwa mlango wa nyuma?"

"Wala kliniki nitakayorudi?"

"Wala kliniki. Meneja anahitaji kujua akupangie nini, akuepushe na nini, na mpaka lini. Akilijua hilo, ametosheka."

Hapo mama wa watu alijidanganya. Leopold hakutosheka hata kidogo. Barua ilimfika saa nne, na saa nne na robo alikuwa mlangoni kwa Kalista.

"Nesi, barua nimeiona. Nzuri. Nimpeleke kwenye kuchambua kahawa?"

"Itamfaa, mradi meza isiwe ya kumwinamisha."

"Mkokoteni anaweza kusukuma?"

"Mtupu, ndiyo. Wenye magunia, hapana."

"Sawasawa." Akafunga mlango. "Haya, anaumwa nini?"

"Hilo si la kazi, meneja."

"Si kwa ubaya! Nataka tumwombee. Tufanye hivi: wewe husemi kitu. Mimi nataja watakatifu, nikimfikia anayehusika, unakohoa tu."

Kalista alitaka kumtoa nje, lakini Leopold alikwisha kuanza. Akamtaja Blasio. Kimya. Akamtaja Lusia. Kimya. Sasa pale kiwandani vumbi la maganda ya kahawa halina adabu, linaingia hata panapofungwa. Leopold alipomtaja Apolonia tu, Kalista akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Meno!" akapiga kelele Leopold.

"Ni vumbi, meneja!"

"Usijali, nesi, sijasikia kitu," akasema huku akiandika daftarini. "Lakini meno na magunia, wapi na wapi? Au anabeba kwa kuyang'ata?"

Akaondoka. Mchana Izidori aliletewa uji wakati wenzake wanakula makande. Jioni mzee mmoja wa kijiji cha Mapera alimshika kidevu, akamwambia afumbue kinywa. Kijana wa watu akaja mbio zahanati.

"Mama, Maguu watasikia kwamba Flavia anaolewa na kibogoyo!"

Kalista aliona aibu, na hasira pia. Angeweza kwenda kumwambia meneja kwamba si meno. Lakini angekanusha meno, meneja angetaja figo. Angekanusha figo, angetaja kifua. Na siku atakayonyamaza, ndiyo siku siri itakuwa imetoka. Dawa ilikuwa kutokukubali na kutokukanusha chochote. Ila kesho yake ilikuwa Jumamosi, na daftari lilikuwa na jina.

Akachukua bahasha iliyofuata katika kazi yake, akaandika barua yake, akaenda nayo ofisini kwa meneja.

"Isome kabla haijatoka. Kila mtu anaonyeshwa ya kwake."

"Ya nani?"

"Yako. Inakwenda Songea kwa mkubwa wako, Bwana Kilian."

Leopold akakaa polepole. Bwana Kilian huyo alikuwa na mdomo mpana kuliko barabara ya kwenda Songea. Kilichokuwa kwenye ripoti ya meneja mimi sikisemi, na wewe usikisie. Barua ilisema tu asiendeshe pikipiki ya kampuni kwa wiki sita, asipande ngazi za ghala, kisha apimwe tena.

Aliigeuza nyuma, akaangalia. Nyuma palikuwa peupe.

"Ataona hii tu?"

"Hiyo tu."

"Akipiga simu akuulize?"

"Atajibiwa ulivyojibiwa wewe."

"Nesi." Sauti ilikuwa imeshuka. "Akianza kutaja watakatifu?"

"Nitakunywa maji kwanza, nisikohoe."

Leopold hakucheka. Akalivuta daftari, akachana ukurasa wa Izidori vipande vipande, na vipande akavitia mfukoni mwake mwenyewe. "Mwambie kijana anisamehe," akasema. "Hapana. Nitamwambia mimi."

Jumamosi ile jumuiya iliwaombea wagonjwa wote kwa pamoja, na ibada ikaisha mapema hadi watu wakashangaa. Tangazo la pili likasomwa, na la tatu.

Siku ya harusi, kule Maguu, baba yake Flavia alimvuta Leopold pembeni, karibu kabisa na alipokaa Kalista na sahani yake ya wali.

"Bwana meneja, nasikia mkwe wangu habebi tena magunia. Mara niambiwe meno, mara sijui nini. Wewe ndiye mkubwa wake. Anaumwa nini?"

Kalista akasahau kutafuna. Jasho likamchuruzika Leopold mpaka kwenye kola ya suti.

"Sijui, mzee," akasema. "Ninachojua, kazi anafanya, tena vizuri. Hayo mengine muulize mwenyewe, akipenda atakwambia."

Mzee akamtazama, akaguna, akarudi kwenye ngoma. Kalista akasogea kwenye benchi, akampa Leopold nafasi ya kukaa.