Salamu Isiyo na Kasoro

Mama mshonaji hakumwamini hata kidogo yule fundi friji aliyetaka kumwoa binti yake. Binti aliapa kwamba kijana alisilimu zamani na ni mtu wa swala tano. Haya, tutaona, mama akajisemea. Mwanamume akishapenda, ataapa hata kwamba alizaliwa msikitini!

Kilichomkera zaidi, salamu za kijana zilikuwa hazina kasoro. Akifika hutangulia yeye, maana anayeingia ndiye huwasalimu waliokaa. Mama akimwahi na "Asalaam alaikum," humrudishia kwa nyongeza: "Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh." Kila siku hivyo hivyo, moto mmoja, kama mtu anayesoma kibao cha duka. Khaa! Nani huyu asiyechoka hata siku moja?

Mama akamtega. Fundi akiwa chooni, akajisogeza karibu na mlango na kutoa salamu kwa sauti. Alijua fika si adabu kumsalimu mtu huko, na aliyeko ndani hapaswi kujibu. Kimya. Kijana akatoka, akanawa mikono, ndipo akaitikia kwa heshima zote. Jikoni binti akacheka kichinichini. Mama hakukipenda kile kicheko.

Lakini angesema nini tena? Akaahidi kwamba Jumamosi alasiri atatoa jibu la posa.

Jumamosi fundi akawahi. Sebuleni akamkuta mama amekaa juu ya mkeka, amejitanda kanga, kampa mgongo.

"Asalaam alaikum, mama."

Kimya.

"Asalaam alaikum!" Sauti ikapanda. "Mama, nimekukosea nini jamani? Si unajua kuitikia ni faradhi?"

Binti akatoka jikoni mbio. "Shh! Anaswali! Mtu anayeswali hasalimiwi. Hilo nilisahau kukwambia."

Mama alisikia kila neno. Hasira zikampanda, lakini swala haikatwi kwa ajili ya mkwe. Akamalizia tahiyatu yake polepole, kisha akageuza uso kulia.

"Asalaam alaikum warahmatullah."

"Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama!" fundi akadakia, uso umemchangamka kwa kusamehewa.

Binti akajifunika uso kwa viganja. Mama akageuka kushoto, akatoa salamu ya pili, na fundi, maskini, akaitikia na hiyo.

Mama akakunja mkeka bila haraka.

"Baba, salamu hiyo ni ya kufungia swala. Haijibiwi na anayesikiliza. Aliyewahi kuswali hata mara moja analijua hilo."

Fundi akatazama miguu yake. "Nisamehe mama. Nilitaka kujifunza, nikaogopa utanikataa."

"Wewe hujui, utafundishwa," mama akasema. Kisha akamgeukia binti yake, macho yamemjaa machozi. "Wewe unajua. Umekaa unamfundisha mwenzio namna ya kunichezea shere mimi, mama yako. Sasa wewe nikufundishe nini?"