Upana Mara Mbili

Mwoka keki alijiponza kwa mdomo wake mwenyewe, tena sebuleni kwa mama mkwe, chai ikiwa bado mkononi.

"Mama anatimiza sabini," wifi yake mkubwa alisema. "Tunataka ile keki ya mraba uliyomwokea mwanao, ila upana mara mbili, na urefu mara mbili, iwe meza nzima! Juu yake shada la mawaridi, kama yamechumwa leo. Bei gani, wifi? Usitupige kama wapita njia."

Wakacheka wote. Mteja wa kawaida angemwambia nenda, nitakupigia kesho. Hapa akaona haya hata kufikiri mbele za watu. "Ukubwa mara mbili, bei mara mbili. Maua zawadi yangu."

Wakampigia vigelegele. Sifa ni tamu, lakini haziwashi oveni.

Jikoni kwake ndipo akili ilipomrudia. Alichukua trei ya ile keki ndogo akaiweka ndani ya ile kubwa. Ikakaa kwenye kona moja, kama kitanda kimoja kwenye bweni. Zingeingia nne. Unga mara nne, mayai mara nne, siagi mara nne, naye ametaja mbili.

Na hayo mawaridi! Ua la sukari halichumwi. Kila petali hukatwa, hukandwa ukingo mpaka iwe nyembamba kama ganda la kitunguu, huachwa ikauke, ndipo ya pili ishikizwe. Kabla ya hapo kuna kuchora, kujaribu rangi, kuharibu na kuanza upya. Siku za namna hiyo huziuza kama anavyouza unga, maana akiwa nazo hawezi kupokea kazi nyingine, wateja huwarudisha mikono mitupu. Wiki ile alimrudisha jirani aliyetaka keki ya mtoto.

"Wapigie uwaambie," mume wake alisema. "Dada yangu ni mtu, si simba."

"Wewe dada zako unawajua mezani tu. Watasema nimemgeuzia mama yao bei."

Akashika simu, akaiweka. Akaishika tena, akaangalia saa tu. Mwisho akaenda dukani na kurudi na ndoo ya majarini badala ya siagi. Alipoipiga na sukari ikawa nyeupe, laini, inapendeza macho. Akajiambia nani atajua.

Siku ya sherehe watu walipiga picha mpaka keki ikaanza kutoa jasho. Mama mkwe akakata, akalishwa kipande cha kwanza. Mwoka keki alimwona akitafuna, kisha akipitisha ulimi juu ya kaakaa, mara moja, mara ya pili. Mama akatabasamu kwa ajili ya picha.

"Mwanangu, njoo unisaidie jikoni."

Huko jikoni hapakuwa na cha kusaidia. Mama mkwe aliweka sahani kando ya sinki.

"Majarini nimelea nayo watoto sita, siidharau. Naijua inavyonata juu mdomoni. Ila keki ya mjukuu wangu ilikuwa ya siagi. Mimi nimekukosea nini?"

Mwoka keki angeweza kustahimili kugombezwa. Hilo swali lilimvua nguo.

"Hujanikosea, mama. Nilitaja bei bila kuhesabu. Nikaona haya kurudi kwa wifi."

"Ukaona haya kwa binti yangu, hukuona haya kwa tumbo langu."

Mwoka keki alitamani sakafu impokee, lakini sakafu ilikuwa ya saruji.

Mlango ukafunguliwa. Wifi mkubwa aliingia akimvuta shoga yake kwa mkono. "Huyu anataka hii hii, na maua yake! Bei nimeshamtajia."

Mama mkwe akageukia sinki, akafungua maji, akaanza kuosha kijiko kilichokuwa safi.

"Bei ile siyo," mwoka keki alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtu anayeungama. "Keki hii ni sawa na zile ndogo nne. Maua yana bei yake, na siku za kuyapanga zina bei yake. Na hii mliyokula ni ya majarini. Nilipunja, wifi. Nilimpunja mama siku yake."

Shoga akatazama viatu vyake. Wifi akamwachia mkono. "Si ungesema tu? Tungechanga."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mama mkwe akafunga maji. "Nataka yangu ya siagi. Bila maua, macho yameshashiba. Ndogo. Taja bei hapahapa, nisikie."

"Mama, wewe nitakupa bure…"

"Bei."

Mwoka keki akaitaja, nzima, bila kupunguza, macho yake yakiwa kwenye kile kipande kilichobaki sahanini, waridi lake likiwa limesimama vilevile, zuri, halijaguswa.