Dakika Saba za Mjomba Gyimah

Ujumbe wa sauti wa Mjomba Gyimah ulikuwa na urefu wa dakika saba na sekunde kumi na moja. Abena Dufie alikuwa ameusikiliza mara tatu, na bado hakuthubutu kuandika bibi yake anazikwa lini.

Alikaa kwenye kigoda ndani ya duka la uchapaji la binamu yake, Kofi Nti, pale Kumasi, simu sikioni, daftari gotini. Picha ya Nana Afrakoma ilishawekwa kwenye kompyuta, marehemu amevaa shanga zake na kuikazia macho kamera kana kwamba anaidai samahani. Chini ya picha palikuwa patupu. Palingoja siku, mahali na nguo. Mabango mia mbili yalitakiwa kutoka kabla umeme wa mtaa haujakatwa saa kumi, na maneno hayohayo yaende kwenye kundi la ukoo, kisha kila mtu ayarushe kwa watu wake mpaka Accra na Obuasi.

"Bado?" aliuliza Kofi.

"Bado."

"Usije ukatupeleka Mampong tena."

Mwaka jana Abena alifupisha ujumbe wa mjomba huyuhuyu, na watu sitini wakashuka Mampong wakiwa na nguo nyeusi, viti na jenereta, wakati msiba ulikuwa kwingine kabisa. Kikao cha ukoo kilitaka anyang'anywe kazi ya uandishi. Aliyemtetea ni Nana Afrakoma. "Mwacheni mjukuu wangu," alisema, "wa kwangu atauandika yeye." Wakacheka. Sasa wa kwake ulikuwa huu.

Akabonyeza tena.

"Abena, mwanangu, hujambo. Mwambie mama yako dawa ya goti nimeipata. Haya, habari ya mama yetu. Jumamosi tarehe kumi na mbili tunamzika, Jumapili kumi na tatu tunashukuru. Andika vizuri. Saa tatu asubuhi, kwetu Kwabenakrom, uwanja wa shule. Ila yule mwalimu mkuu ana maneno, basi tuseme uwanja wa kanisa. Mbuzi wa Yaw kanilia mihogo tena, mara ya pili hii. Nguo nyekundu na nyeusi. Shemeji wa Obuasi asipewe kipaza sauti, alilia kwenye msiba ule mwingine mpaka jenereta likaisha mafuta. Nyekundu hiyo ni Jumamosi, eh, mama alikuwa na miaka tisini na minne, Jumapili ni nyeupe. Saruji ilikuwa mifuko mitano, leo naona minne. Sasa huyu mbuzi..."

Na hapo, dakika ya tano, mbuzi aliporudi, sikio la Abena lilisinzia kama lilivyosinzia mara tatu zilizotangulia. Mbuzi yule alikuwa na habari ndefu. Alikuwa na mama yake, na kamba yake, na tabia za mwenye mbuzi.

Akachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja aliandika ya kurushwa kwa watu: nani, siku, mahali, nguo. Upande wa pili aliandika ya kubaki kwake: goti, saruji, shemeji, mbuzi.

Kofi alichungulia. "Mtie na shemeji. Watu wajue kabisa."

"Nikimtia shemeji, tutazika wawili."

Akasafisha, akaandika upya:

*Mazishi ya Nana Afrakoma, miaka 94. Jumamosi tarehe 12, Kwabenakrom, uwanja wa kanisa, saa tatu asubuhi. Nguo nyekundu na nyeusi. Shukrani: Jumapili tarehe 13, mahali palepale. Nguo nyeupe.*

Ulikuwa mfupi, safi kama kibuyu kilichosuguliwa mchanga. Kofi akaanza kuyapanga maneno chini ya picha.

Hapo akaingia Mama Saah, mama yake Abena, na sufuria ya ndizi za kuchemsha na mchuzi wa majani. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, mara moja tu.

"Nani kasema Jumapili tarehe kumi na tatu?"

"Mjomba. Kwa mdomo wake."

"Jumapili hiyo ni Akwasidae, sikukuu ya Adae, Abena. Chifu anakaa kwenye kiti chake, ngoma zinapigwa, wewe unawaleta watu na msiba? Unataka ukoo utozwe kondoo?"

Kofi aliondoa mkono kwenye mashine kana kwamba imemuunguza.

Siku ya Adae kila mtoto wa Kiasante anaijua, na Abena alikuwa ameiandika kwa mwandiko mzuri. Lakini mjomba mwenyewe, mzee wa ukoo, angewezaje kuikosea? Au hakuikosea? Au tarehe ni ya tangazo la kanisa? Au ni ya mbuzi?

"Umeusikia mpaka mwisho?" mama yake aliuliza.

"Mwisho ni mbuzi tu."

"Kaka yangu mimi namjua. Jambo lake kubwa huliweka chini ya dogo. Hebu weka."

Wakausikiliza wote watatu, vichwa vimegusana juu ya simu. Mbuzi alipita na mama yake na kamba yake. Kisha, dakika ya sita, sauti ikashuka: "...na Yaw naye nimemwambia. Lakini hiyo Jumapili si Adae? Adae imetukalia. Basi hapana, tusogee. Sijui wiki ipi, nakwenda kwa chifu na chupa mbili za pombe, atasema yeye. Usitangaze kabla. Kamba ile ilikuwa yangu, kwanza..."

"Alikuwa anafikiri huku anaongea," Kofi alisema taratibu.

"Ndiyo kawaida yake," Mama Saah alisema. "Kula kwanza."

Abena hakula. Alipiga simu, iliita mpaka ikachoka. Kwa chifu simu haipokelewi ovyo. Akaandika: *Mjomba, siku ni ipi? Nijibu siku tu.*

Saa tisa na nusu likaja jibu: sauti, dakika nne. Kofi alicheka mpaka akakaa.

Dakika nne zote mjomba alisifu viti vipya vya jumba la chifu. Siku hakuitaja. Abena alifumba macho. Akaurudisha nyuma, na safari hii hakumsikiliza mjomba. Alisikiliza kilichokuwa nyuma yake. Chupa ilifunguliwa. Kinywaji kilimiminwa chini. Na sauti nyingine, nzito, ya msemaji wa chifu, ikapita kati ya viti na mito: "...Nana chifu amepokea chupa. Anasema Adae ipite kwanza. Jumamosi inayofuata, mkamzike mama yenu."

"Ni tarehe kumi na tisa," Kofi alisema, mkono tayari kwenye mashine.

"Ngoja."

"Tumesikia sote, bibie. Umeme huo."

"Mwaka jana pia nilikuwa nimesikia." Akaandika upya ujumbe wote, Jumamosi 19, Jumapili 20, akamtumia mjomba peke yake, na chini yake: *Hivi ndivyo? Nisipopata jibu, hakichapwi kitu.*

Dakika zilipita. Taa ilipepesa. Kofi aliitazama saa, kisha akamtazama binamu yake.

Simu ikalia. Sauti. Sekunde mbili.

"Ee. Chapa."

Katika maisha yake yote Abena hakuwahi kumsikia Mjomba Gyimah akisema maneno mawili na kukoma. Aliusikiliza mara mbili, kuhakikisha hakuna mbuzi.

Mashine ikanguruma. Bango la kwanza likatoka lina joto, Nana Afrakoma amekaza macho juu ya tarehe sahihi. Abena akalirusha lile tangazo kwenye kundi, na kabla hajala kipande cha pili cha ndizi, mjomba alikuwa ameshalirusha tena yeye mwenyewe, na juu yake ameweka sauti ya dakika tatu kueleza kwamba ndivyo hasa alivyosema tangu mwanzo.