Msasa Uliochanganyika

Kwa miaka thelathini Kasimiri hakuwahi kusoma namba iliyoandikwa nyuma ya msasa. Aliichukua karatasi, akaipitishia dole gumba mara moja, akasema, "Mia na themanini." Ukibisha, aliigeuza akakuonyesha, kisha akakucheka mpaka ukatamani kuondoka. Mafundi seremala wa Kawajense waliwekeana dau la soda juu ya kidole kile, na waliokibishia ndio walionunua.

Sasa kidole kilikuwa hakisikii kitu.

Kisukari kilimwanzia miguuni kwa ganzi, mwaka jana kikamfika mikononi. Muuguzi alimwambia atunze sukari yake, lakini mishipa ikishachoka kiasi hicho asitegemee irudi kama zamani. Kasimiri alimshukuru, akarudi bandani, akaendelea kupiga randa. Hakumwambia bintiye Jeniffer. Hakumwambia Danford, fundi kijana waliyechangia naye banda, kwa sababu Danford alikuwa na mdomo usiojua kupumzika.

Alijifunza kudanganya. Karatasi ya msasa ikikatwa vipande vinne, namba hubaki kwenye kimoja au viwili, vingine vinakuwa vitupu mgongoni. Angeweza kuviandika kwa penseli, lakini yeye ndiye aliyewacheka wanaoandika. Basi akaanza kununua msasa wa kitambaa, ule wa kukatiwa kwenye roli, kwa kuwa namba yake imejirudia mgongo mzima.

"Mzee, siku hizi unapenda kitambaa kama fundi cherehani," Danford alimtania.

"Kitambaa hakivunjiki."

"Kwenye nguzo ya kitanda, sawa. Kwenye ubao ulionyooka unataka kukunja nini?"

Danford alikuwa na haki. Kitambaa ni cha mbao za mviringo. Unakizungusha kwenye nguzo iliyochongwa, unashika ncha mbili, unavuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu, nacho kinaingia kwenye kila kiuno cha mbao. Karatasi pale ingepasuka, na ukingo wake uliopasuka ungechora. Ila ubao bapa unataka karatasi iliyofungwa kwenye kibao, chini ya kibao umebandika kipande cha soli ya ndala. Ukisugua kwa vidole vitupu unachimba mabonde, na vanishi ikishakauka mabonde yote yanaonekana. Tena duka la vifaa pale mjini lilikuwa na kitambaa kikali tu, themanini na mia na ishirini. Laini ilikuwa karatasi peke yake.

Hapo Kasimiri alitegemea sikio. Themanini inanguruma. Mia na ishirini inakwaruza. Mia na themanini inapumua, na mia mbili na arobaini hunong'ona. Miezi sita sikio lilimficha.

Kisha Jeniffer akachumbiwa na kijana anayefanya kazi hifadhini, kule Sitalike. Kasimiri akasema kitanda cha mwanawe hakitaguswa na mkono wa mtu mwingine. Alichagua mninga uliokauka mwaka mzima, akachonga nguzo nne, akaunga ubao wa kichwani bila msumari hata mmoja. Kitanda kingepakiwa garini Jumamosi, na sherehe ya kumuaga Jeniffer ingekuwa Jumapili.

"Nikusaidie kusugua, mzee?" Danford aliuliza Jumanne.

"Kawasaidie wanaokulipa."

"Mimi nasaidia hata wanaonitukana."

"Basi utachoka mapema."

Jumatano alianza ubao wa kichwani. Themanini ikaondoa alama za randa, mia na ishirini ikaondoa mikwaruzo ya themanini, mia na themanini ikafuta ya mia na ishirini. Hakuruka hata namba moja, maana kila namba kazi yake ni kuzika makovu ya ile iliyotangulia, na ukiruka, ile laini inang'arisha tu makovu bila kuyafikia. Ikabaki ya mwisho. Vipande vilikuwa vimelala pamoja juu ya meza, vyote vimejaa vumbi la mninga, vyote rangi moja. Akavigeuza. Viwili havikuwa na namba.

Wakati huo mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imewashwa. Watu walipanga foleni na ndoo za mahindi, na banda zima lilitetemeka. Kasimiri alisugua dole gumba juu ya kipande cha kwanza, akakisugua tena kwa nguvu. Akajaribu cha pili. Akasubiri mashine izimwe, haikuzimwa. Macho yake nayo hayakuwa ya ujana. Akachagua kimoja, akakifunga kwenye kibao, akasugua mpaka jasho likamdondoka. Mwishoni, kwenye pembe za fremu ambako nyuzi za mbao moja zinakutana na za nyingine, alizungusha mkono.

Alhamisi asubuhi, kabla vumbi la barabara halijaamka, alipangusa ubao, akaizimua vanishi kwa tina kidogo kwa ajili ya mpako wa kwanza, akapaka.

Mninga ulilowa, ukawa mwekundu, ukawa mzuri kupita kiasi. Halafu mistari ikatokea. Ilianza kwenye pembe, nusu duara juu ya nusu duara, ikakata nyuzi kama kucha za paka. Alipaka tena akidhani ni brashi. Ikazidi.

Danford aliingia na chai mkononi, akasimama. Aliweka kikombe chini, akachukua tambara, akalilowesha tina.

"Tufute ikiwa bado mbichi, mzee. Ikikauka itatusumbua."

Wakafuta pamoja. Tina ilimwagika juu ya mkono wa Kasimiri, na hapo Danford akaliona dole gumba. Ngozi ilikuwa imeondoka, nyama iko wazi, na tina ilikuwa inapita juu yake. Kasimiri aliendelea kufuta kama anayeosha sahani.

"Mzee. Haikuwashi?"

Kasimiri alitazama kidole. Ndiyo kwanza akakiona.

"Tangu lini?" Danford aliuliza.

"Tangu ulipoanza kunitania kitambaa."

Danford aliketi juu ya gogo. Akasema polepole, "Ulimalizia na mia na ishirini. Mimi nitarudi nayo kwa kufuata nyuzi, nipande mpaka mia na themanini, nimalizie mbili arobaini. Kesho asubuhi tupake. Ukinipa ruhusa."

Mtu anaweza kuvumilia njaa na maneno ya watu. Kuombwa ruhusa kwa upole, pale ambapo wewe ndiye ulikuwa unatoa ruhusa kwa dharau, kunauma mahali ambapo ganzi haifiki. Kasimiri alifungua kibao, akaitoa ile karatasi, akamkabidhi Danford kibao kitupu.

"Usizungushe mkono," akasema.

Jumamosi kirikuu, kile kigari cha mizigo, kilirudi nyuma mpaka mlangoni. Jeniffer alikuja na Tereza, shangazi yake, akauona ubao wa kichwani, akaweka kiganja.

"Baba, mkono wako hauzeeki."

Danford aliinama akafunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Kasimiri angeweza kunyamaza. Kijana alikuwa amekwisha kumpa nafasi hiyo. "Kuchonga na kuunga ni mimi," alisema. "Huo ulaini unaoushika ni wa Danford. Mimi siwezi tena, mwanangu. Vidole vimekufa."

Jeniffer alimtazama, akamtazama Danford, akauona ukweli. Shangazi akageuka akafuta macho kwa kanga. Msichana akamshika baba yake mkono, akauweka juu ya ubao, akauburuza taratibu kutoka pembe hadi pembe.

"Hata hapa husikii?"

"Hata hapo."

Hakuuondoa. Akautazama mkono wa bintiye uliokuwa juu ya wake, jinsi ulivyoteleza bila kukwama, na kwa mkono huo akajua kuwa kazi imetoka vizuri.