Kabla Pampu Haijawashwa

Ofisini walimwita Mama Nukta, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Sentensi ikizidi mistari miwili, aliikata. Mtaalamu akiandika "kuna uwezekano wa kutokea mabadiliko hasi ya ubora wa hewa", alimfuata hadi mezani kwake: "Kaka, unamaanisha vumbi?" Mtaalamu alijikuna kichwa na kukiri kwamba ndiyo, alimaanisha vumbi. Basi si ungesema vumbi, jamani!

Kazi yake ndiyo hiyo. Washauri wa mazingira walipomaliza kupima na kuandika, ripoti ilitoka nene kama tofali, na hakuna mkulima mwenye muda wa kusoma tofali. Sheria ilitaka watu watakaoguswa na mradi waelezwe kwa lugha wanayoielewa, kisha waitwe mkutanoni watoe maoni kabla ya kibali kutolewa. Mama Nukta alilipokea tofali, akatoa kurasa nne. Wakizielewa vibaya, wangeuliza vibaya, au wasiulize kabisa. Na mkutano ni mmoja tu.

Safari hii mradi ulikuwa machimbo ya kokoto. Palikuwa na kilima cha mawe, kijiji chini yake, na katikati zahanati ndogo yenye kisima chake. Mwenye mradi alitaka kuchimba hadi chini ya usawa wa maji ya ardhini. Shimo likifika huko hujaa maji, kwa hiyo lazima pampu iyavute ili mashine zifanye kazi pakavu. Maji yakivutwa shimoni, na ya visima vya jirani hushuka. Wataalamu walilieleza hilo vizuri, kwa michoro na majedwali, na mwishoni wakalipa daraja lake: athari kwa visima, ndogo.

Mama Nukta akaandika: "Athari kwa maji ya visima itakuwa ndogo." Sentensi fupi, safi. Aliipenda, akaitia nukta kwa raha zake.

Sasa, mwanamke huyu alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliicheka mpaka wakachoka. Kabla ya kukabidhi andiko lolote, alilipeleka nyumbani kwa mkaguzi mkuu, yaani mama mkwe wake. Hakumwuliza "umeelewa?", maana mtu akiulizwa hivyo hujibu ndiyo ili yaishe. Alimsomea, akaikunja karatasi, akamwambia: "Mama, nirudishie kwa maneno yako." Kisha akamwuliza: "Na ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Mama mkwe alikuwa amelima maisha yake yote hadi magoti yalipomgomea, ndipo akahamia kwa mwanawe mjini. Karatasi hakuziogopa, na wakwe hakuwaogopa vilevile. Jioni hiyo alikuwa jikoni anachambua mboga, kanga kaifunga kiunoni.

"Wanataka kuchimba mawe," alirudisha. "Kutakuwa na vumbi, ila watamwagia maji barabara. Baruti watalipua mchana, na king'ora kitalia kwanza. Visima havina neno."

"Havina neno?"

"Si umesema ndogo? Ndogo ni ndogo."

"Haya. Na mkutanoni ungeuliza nini kuhusu maji?"

"Mkutanoni!" Mama mkwe aliguna. "Mwanangu, niende kufanya nini? Nikae juani kusikiliza hotuba, na kisima changu kizima? Ningebaki nikapalilia mahindi yangu."

Mama Nukta alicheka. Halafu akalirudia lile neno: ndogo. Aliinuka, akaenda kulichukua tofali lake, akalifungua pale pale juu ya meza ya jikoni, kando ya mboga.

Jedwali lilikuwa na safu mbili. Moja ilionyesha daraja la athari kabla ya hatua za kuipunguza, nyingine baada ya hatua hizo. Baada ilisema ndogo. Kabla ilisema kubwa. Na hatua yenyewe ilikuwa kuchimba visima vifupi viende chini zaidi. Hakuna aliyeficha kitu. Yeye mwenyewe aliisoma safu ile ya kwanza akaipita, kwa kuwa watu wa kazi hii wamezoea kwamba daraja la mwisho ndilo daraja. Wao kwa wao wakisema "ndogo", wanajua nyuma yake kuna sharti. Mwanakijiji angelijuaje sharti ambalo hakuandikiwa?

Akafunua kurasa za vipimo. Kisima cha zahanati, mwisho wa kiangazi, kilikuwa na maji ya kina cha mita moja. Kushuka kunakotarajiwa hapo ni mita moja na nusu. Hesabu hiyo haihitaji shahada, na Mama Nukta shahada anayo! Akamkumbuka mkunga wa zahanati ile, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, aliyewapokea siku ya kwenda kupima. "Pimeni vizuri jamani," alisema huku akiwashikia kamba. "Hapa bila maji mimi sizalishi mtu."

"Mama," alisema taratibu, "wewe ungekuwa shambani unapalilia, na mkunga angebaki na ndoo tupu."

"Hee! Na mimi nimekosa nini tena?"

"Hujakosa. Niliyekosa ni mimi. Mungu akuweke, mama yangu."

"Aniweke, lakini mboga hizi zinanyauka. Toa hilo lidude lako mezani."

Asubuhi alifika ofisini na moto wake. Alifuta sentensi ile nzuri, akaandika nyingine: "Machimbo yakianza, visima vitakauka." Akaipeleka kwa mtaalamu wa maji, kijana ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee wa Visima kwa jinsi alivyopenda kulala kifudifudi ukingoni mwa visima vya watu.

Mzee wa Visima alisoma, akatikisa kichwa. "Dada, hapana. Hiki sicho nilichopima."

"Mita moja na nusu hukupima wewe?"

"Nilipiga hesabu mimi. Lakini visima vingi pale ni virefu, maji yatashuka na bado yatabaki. Vifupi ni vitatu. Na nimesema inatarajiwa, maana chini ya ardhi sijaingia. Ukiwaambia vitakauka vyote, kuna watakaouza mashamba kwa bei ya kutupa, halafu maji yawepo. Utawajibu nini hao?"

Mama Nukta alikuwa na jibu, tena kali, liko kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Kijana alisema kweli. Jana alikuwa amewalaza watu usingizi, leo anawatia kiwewe, na mara zote mbili hakuwa amewaambia kilichopimwa. Ilimchoma, lakini kuchomwa na ukweli mezani ni nafuu kuliko kuchomwa mkutanoni.

"Ahsante, kaka," alisema. "Sasa vuta kiti, huondoki. Mita moja na nusu ni kiasi gani kwa mtu asiyeshika futi?"

Mzee wa Visima alisimama, akajipima kwa mkono kutoka sakafuni. "Hadi begani kwangu hapa. Na mimi, ashukuriwe Mungu, ni mrefu."

"Maringo weka pembeni, bega tunalichukua."

Walibishana hadi chai ikapoa. Yeye alikata maneno, kijana akarudisha yaliyokuwa na kazi. Kila sentensi waliiandikia pembeni ukurasa wa ripoti ilikotoka, ili mtu asiseme wamebuni. Mwisho likabaki hili:

"Pampu ya machimbo itakapovuta maji, maji ya visima vya karibu yatashuka. Mwisho wa kiangazi yanatarajiwa kushuka mita moja na nusu, kama kutoka chini hadi begani kwa mtu mrefu. Visima vingi vitabaki na maji. Visima vitatu vifupi vinaweza kukauka, na kimoja ni cha zahanati. Mwenye mradi amesema atavichimba viende chini zaidi. Akifanya hivyo kabla pampu haijawashwa, athari itakuwa ndogo. Asipofanya, athari itakuwa kubwa."

Mkuu wa ofisi alilisoma akakunja uso. "Hili neno 'kubwa', mteja atalipenda?"

"Liko kwenye ripoti uliyoipitisha, mkuu," alisema Mzee wa Visima. "Safu ya kwanza. Sisi tumelileta kwa Kiswahili tu."

Mkuu aliguna, akaifungua ripoti, akaitazama safu kwa muda, akatia sahihi. Tumshukuru naye, maana wapo wasiotia.

Jioni mkaguzi mkuu alisomewa upya, naye hakurudisha hata nusu kabla hajaweka kisu chini. "Ngoja kwanza. Wakiwasha pampu mapema, zahanati inakauka? Basi mkutano huo ningekwenda. Tena ningekaa mbele!"

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, na watu walijaa hadi madirishani. Mama Nukta alikaa nyuma kabisa, mapigo ya moyo yakienda mbio kama ndiye anayeomba kibali. Mwakilishi wa mradi alieleza mambo yake, afisa mazingira wa serikali akaandika. Kisha mkunga akasimama, karatasi mkononi, imekunjwa kwenye ukurasa ule ule.

"Hapa pameandikwa 'kabla pampu haijawashwa'," alisema. "Nataka kujua, ni nani atakayehakikisha kwamba ni kabla?"

Mwakilishi alisema kazi hiyo imepangwa katika awamu ya kwanza ya utekelezaji.

"Baba, mimi awamu siijui. Najua kabla na baada. Mama akishikwa na uchungu usiku, siwezi kumwambia asubiri awamu."

Darasa zima likaangua kicheko, na mwakilishi, tumpe haki yake, akacheka pia. Kisha watu wengine wakainuka, kila mmoja na karatasi yake, wakauliza lile lile kwa njia zao. Afisa mazingira alimwomba mkunga alisome tena swali lake polepole, ili aliandike lilivyo. Kibali kilipotoka, kilikuja na sharti: pampu isiwashwe hadi visima vile vitatu vichimbwe na kukaguliwa, na maji ya visima yapimwe kila mwezi.

Kiangazi cha kwanza tangu pampu iwashwe, Mama Nukta alipanda gari la ofisi kwenda kuangalia vipimo hivyo, na safari hiyo mama mkwe alikataa kabisa kubaki. Mkunga aliwapokea mlangoni, mikono bado imelowa. Ndani, kitoto kilichozaliwa alfajiri kilikuwa kinalia kwa nguvu zote, na mama yake anakichekea. Mzee wa Visima alikuwa ameshalala kifudifudi kisimani na kamba yake.

"Yameshuka?" Mama Nukta aliuliza.

"Yameshuka, kama mlivyoandika," alisema mkunga. Akawaongoza hadi kisimani, akateremsha ndoo, akaivuta, ikaja imejaa. "Na yapo, kama tulivyodai." Akamshika Mama Nukta mikono yote miwili. "Dada, ile karatasi yako. Ningeambiwa visima salama, siku ile nisingekuja. Nilikuwa na foleni ya wajawazito hapa. Ahsante sana."

Machozi yalimjia Mama Nukta, hakuyazuia. Alimvuta mama mkwe mbele. "Mshukuru huyu. Ndiye aliyenizindua."

"Mimi?" Mama mkwe alishangaa. "Mimi nilisema nitabaki kupalilia."

"Ndiyo hivyo, mama. Ndiyo hivyo."

Mama mkwe hakuelewa, ila shukrani hazirudishwi. Akapokea kikombe cha maji kwa mikono miwili, akanywa, akaomba kingine.